Bonasi ya dola 1,500 au senti 60 kwa saa?

Wenzetu wa maghala ya Louisville, Columbus na Buffalo wanatuuliza: bosi kasema mwaka huu hakuna nyongeza, ila kuna bonasi ya dola 1,500. Tushukuru?

Tupige hesabu. Tuseme unalipwa dola 20 kwa saa, saa 2,080 kwa mwaka. Nyongeza ya asilimia 3 ni senti 60, yaani dola 1,248 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza bonasi inashinda, na hapo ndipo wengi hunasa. Mwaka wa pili zile senti 60 bado zinaingia, na asilimia 3 mpya inahesabiwa juu ya 20.60, si 20. Ukiongezwa hivyo miaka mitatu mfululizo, umepata kama dola 7,638 za ziada. Bonasi tatu ni 4,500 tu, na bado uko kwenye 20 ileile. Ovataimu nayo hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa, basi nyongeza inakufuata mpaka huko.

Ila senti 60 zinahitaji saa 2,500 kufikia dola 1,500, kama wiki 62. Ukijua utahama kabla ya hapo, chukua bonasi, lakini angalia kwanza tarehe ya kulipwa: ukiacha kazi kabla yake, mara nyingi hupewi kitu.