Wasifu Mfupi na Wasifu Mrefu wa Mwandishi

Wasifu wa ukurasa wa walimu wa chuo humhudumia anayemtafuta mwalimu leo. Wasifu wa makala ya jarida humhudumia hata atakayeyasoma makala hayo baada ya miaka ishirini. Tofauti hii huonekana katika vitenzi. Tuchukue mwalimu mmoja wa Kampala:

(a) Ni mhadhiri wa Kiswahili. Anafundisha sarufi.

(b) Alianza kufundisha sarufi ya Kiswahili mjini Kampala mwaka 2016. Tasnifu yake ya uzamili ilichunguza upatanisho wa ngeli katika insha za wanafunzi wazungumzao Kiganda. Makala haya yametokana nayo.

Katika (a), kiambishi -na- kinatosha, kwa kuwa ukurasa hurekebishwa mwalimu ahamapo. Jarida likishachapishwa halirekebishwi. Kwa hiyo katika (b) tunatumia -li- pamoja na mwaka. Tungeandika “ana uzoefu wa miaka minane”, kauli ingechakaa mwaka unaofuata.

Aidha, tusiurefushe wasifu (a) kwa kuurundikia vyeo. Urefu wa (b) unatokana na sentensi ya tasnifu, inayomwonyesha msomaji jinsi mwandishi alivyoifikia mada yake.

Zoezi: Andika wasifu wako kwa namna zote mbili, kisha pigia mstari viambishi vya wakati.