Kupasha Kiporo cha Nyama ya Kuoka Bila Kuikausha

Nyama iliyookwa jana imeshapoteza sehemu ya maji yake. Ukiirudisha kwenye oveni yenye moto mkali, itakauka nje kabla ya katikati kupata moto. Ipashe kwa moto mdogo, ukiwa umeifunika.

Tuseme umebakiwa na nusu kilo ya nyama ya ng'ombe kwenye friji.

1. Washa oveni, iweke 325°F (karibu 160°C). Usishuke chini ya hapo, maana nyama itachelewa kupata moto na vijidudu vitapata muda wa kuzaliana.
2. Kata vipande vyenye unene wa kidole. Vipange kwenye chombo cha oveni bila kuvirundika.
3. Mimina robo kikombe ya supu ya moto. Kama huna supu, maji ya moto yanatosha.
4. Funika kwa karatasi ya foili na ubane kingo zote ili mvuke usitoke.
5. Baada ya dakika 20, chomeka kipimajoto cha nyama katikati ya kipande kinene kuliko vyote. Kinapaswa kusoma 165°F (74°C). Kama bado, funika tena, ongeza dakika 5, kisha upime upya.

Usitegemee macho: supu inaweza kuchemka pembeni huku nyama ikiwa baridi katikati. Ikifika 165°F, itoe mara moja.

Pasha kiasi kitakacholiwa tu. Kiporo cha friji kiliwe ndani ya siku 3 hadi 4. Nyama iliyolala mezani usiku kucha itupwe, kwani baadhi ya sumu za vijidudu haziishi kwa moto.