Omba Likizo Kwanza, Lipia Safari Baadaye

Familia nyingi hupanga safari ya mwisho wa mwaka tangu katikati ya mwaka. Nauli huwekwa akiba kidogo kidogo, nyumba ya kulala wageni hutafutwa, na watoto huahidiwa. Hata hivyo, katika malalamiko ya walaji waliopoteza fedha za safari, kosa mara nyingine si la msafirishaji wala la mwenye nyumba ya wageni. Mlaji alilipia tarehe ambazo mwajiri wake alikuwa bado hajampa. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuipata tarehe hiyo mapema na kwa maandishi, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara.

Siku ni haki yako, tarehe hupangwa na mwajiri

Sheria inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 zinazofuatana, zenye malipo, kwa kila mzunguko wa likizo. Mzunguko ni miezi 12, nao huhesabiwa tangu siku aliyoanza kazi, si lazima tangu Januari. Lakini sheria hiyo hiyo inampa mwajiri uwezo wa kupanga lini likizo ichukuliwe, mradi isipite miezi 6 baada ya mzunguko kwisha. Mfanyakazi akiridhia, na mahitaji ya kazi yakilazimu, muda huo waweza kufika miezi 12.

Tuchukue mfano wa mtunza ghala wa Dar es Salaam aliyeajiriwa tarehe 1 Machi. Mzunguko wake wa sasa ulianza tarehe 1 Machi 2026 na utakwisha tarehe 28 Februari 2027. Anataka kuipeleka familia Moshi kwa ajili ya Krismasi, kisha Pangani kwa siku chache. Mwajiri akimwambia kwamba Desemba haiwezekani na kumpangia Julai 2027, hajavunja sheria, kwa kuwa Julai imo ndani ya miezi 6 inayohesabiwa baada ya Februari. Ndiyo sababu ombi la mapema lina thamani. Tarehe ya Desemba haitakuwa ya mtunza ghala huyu mpaka mwajiri aikubali.

Hesabu siku kabla ya kuandika

Siku 28 za sheria ni siku za kalenda. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinazoangukia ndani ya likizo zote zimo katika hesabu. Anayedhani kwamba Krismasi na Mwaka Mpya vitamwongezea siku atachelewa kurudi kazini.

Mtunza ghala wetu akianza likizo Jumatatu, tarehe 14 Desemba 2026, siku yake ya 28 itakuwa Jumapili, tarehe 10 Januari 2027, naye atapaswa kuripoti kazini Jumatatu, tarehe 11. Lakini kuna jambo jingine. Mwezi Mei aliomba, akapewa, ruhusa ya siku 3 yenye malipo ili akasimamie ujenzi wa nyumba yake. Sheria inamruhusu mwajiri kupunguza siku za namna hiyo katika likizo ya mwaka. Zikipunguzwa, zitabaki siku 25: likizo itakwisha Alhamisi, tarehe 7 Januari, na kazi itaanza Ijumaa, tarehe 8. Kama angekata tiketi ya kurudi Jumamosi, tarehe 9, angekuwa mtoro kwa siku moja bila kujua.

Ruhusa ya msiba wa mzazi au mwenzi wa ndoa ni haki nyingine kabisa, wala haimo katika likizo ya mwaka. Kwa hiyo muulize ofisa utumishi akupe hesabu ya siku zako zilizobaki, na umwombe aiandike.

«Hakuna shida» si kibali

Mtunza ghala huyo alimweleza msimamizi wake mwezi Juni, wakiwa katika chai ya saa nne. Msimamizi akajibu, «Hakuna shida, wewe nenda tu.» Mwezi Septemba mkewe akalipa arubuni ya nyumba ya wageni ya Pangani, ambayo masharti yake hayaruhusu kurejeshewa fedha. Mwezi Oktoba msimamizi akahamishiwa tawi jingine. Msimamizi mpya alipofungua jalada alikuta maombi mawili ya Desemba, yote ya wenzake, yote kwa maandishi. Ghala halikuweza kubaki bila watu watatu. Mtunza ghala hakuwa na karatasi ya kuonyesha, na mwenye nyumba ya wageni hakuwa na kosa.

Ombi lililoandikwa mwezi Juni lingekuwa la kwanza katika jalada hilo. Barua yenyewe haihitaji maneno mengi:

«Naomba likizo yangu ya mwaka kwa mzunguko ulioanza tarehe 1 Machi 2026. Naomba kuanza tarehe 14 Desemba 2026 na kurejea kazini tarehe 8 Januari 2027, jumla ya siku 25. Nimekusudia kusafiri na familia yangu, na malipo ya safari yanatakiwa kufanyika mwezi Septemba. Kwa sababu hiyo naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 30 Juni. Nimezungumza na mwenzangu wa zamu, naye yuko tayari kushika kazi zangu kwa muda huo. Endapo tarehe hizi hazitawezekana, naomba nielezwe tarehe zinazowezekana.»

Andaa nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Jibu lisipokuja katika muda ulioomba, andika barua fupi ya kukumbusha. Ukimya wa mwajiri si kibali, hata kama umedumu miezi mitatu.

Mpangilio wa malipo

Ukishapata kibali, linganisha tarehe zake na tarehe za safari, ndipo ulipe. Ikiwa mwenye nyumba ya wageni anataka fedha kabla ya kibali, muulize kwanza, kwa maandishi, kama arubuni hurejeshwa au yaweza kuhamishiwa tarehe nyingine. Asipokubali lolote kati ya hayo, ni heri kukosa chumba hicho kuliko kukosa fedha.

Kumbuka pia kwamba sheria inamtaka mwajiri akulipe ujira wa siku za likizo kabla likizo haijaanza. Fedha hizo si nyongeza. Ni ujira ule ule ambao ungeupata kwa kufanya kazi, umetangulia tu. Familia inayoutumia wote Moshi hurudi Januari, mwezi wa ada na sare za shule, ikiwa haina kitu.

Mwajiri akikataa

Kukataliwa Desemba pekee si mgogoro wa kisheria; kubali kujadili tarehe nyingine, na upewe tarehe hiyo kwa maandishi. Lakini miezi 6 ikipita baada ya mzunguko bila wewe kupewa likizo, na hukuridhia kuiahirisha, haki yako imevunjwa. Unaweza kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Nenda na nakala ya ombi lako yenye muhuri, kwa sababu hapo ndipo utakapotakiwa kuonyesha kwamba uliomba, na lini.