Soda, Mswaki na Dawa ya Meno: Maneno kwa Wanafunzi wa Mpanda

Tazameni chupa hii ya soda. Katika mililita 350 mna sukari ipatayo vijiko 8 au 9 vya chai. Vijidudu vikaavyo menoni huila, vikatoa asidi iyeyushayo ngozi ngumu ya jino. Mate huishinda asidi hiyo kwa muda wa nusu saa hivi. Basi mtoto anywaye chupa yake pamoja na chakula hushambuliwa mara moja. Bali yule aionjaye kidogo kidogo tangu saa nne hata saa nane hayapi mate nafasi, ijapokuwa chupa ni ile ile.

Dalili ya kwanza si maumivu, ni doa jeupe kama chokaa karibu na ufizi. Hilo laweza kupona bado, kwa maana floridi ya dawa ya meno husaidia madini ya mate kurudi jinoni. Shimo likiisha kutokea, mswaki haulizibi.

Pigeni mswaki asubuhi na usiku, hasa usiku, kwa kuwa usingizini mate hupungua. Mswaki wa mti nao wafaa, ukitiwa dawa. Kisha temeni povu, wala msisukutue kwa maji (najua mama zenu watashangaa), msije mkaiondoa floridi.

Mdogo wenu asiyetimiza miaka 3 atiliwe dawa kiasi cha punje ya mchele tu, asiimeze. Floridi ikizidi mwilini wakati meno yangali yakiumbika, huyatia madoa ya kahawia, kama yaonekanavyo kwa wengi waliokulia Arumeru, penye maji ya floridi nyingi.