Kuficha Miruko ya Picha Katika Mahojiano: Anza na Sauti, Malizia na Mikono

Mtu anaongea, kichwa kimeinamia kushoto. Unakata maneno matatu yasiyo na kazi, na ghafla kichwa kimehamia kulia, mkono uliokuwa mapajani uko kidevuni. Mtazamaji hajui umekata nini, ila ameona kitu kimeruka, na kwa sekunde mbili zinazofuata haisikilizi hoja tena. Huo ndio mruko wa picha. Hutokea kila unapounganisha vipande viwili vilivyopigwa na kamera ileile, mahali palepale, kwa ukubwa uleule.

Nitaeleza namna ya kuuficha kwa kutumia kipande kimoja cha mahojiano niliyorekodi na fundi baiskeli wa Temeke. Maneno yake ya dakika moja na sekunde arobaini nilihitaji kuyapunguza yawe sekunde 40. Nilikata mara nne, na kila mkato ulihitaji dawa yake.

Sauti kwanza, picha baadaye

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa vijana ninaofanya nao kazi ni kukata na kufunika hapohapo. Anakata, anabandika picha juu, anasonga mbele. Akifika mwisho anagundua kwamba picha nzuri zimekwisha na mkato mbaya kuliko yote umebaki wazi.

Kata mahojiano yote kwanza kana kwamba unatengeneza kipindi cha redio. Fumba macho usikilize. Kama sikio limeshtuka, hakuna picha itakayookoa mkato huo.

Sikio hushtuliwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni pumzi. Msemaji huvuta hewa kabla ya sentensi. Ukikata baada ya pumzi, neno linaanza kama limetumbukia. Kata kwenye kimya kilicho kabla ya pumzi, uiache pumzi iingie na neno lake.

Cha pili ni kiimbo. Msemaji anapokuwa bado na la kusema, sauti yake hubaki juu, akimaliza, hushuka. Ukikata sauti ikiwa juu kisha ukaleta mada nyingine, mtazamaji anahisi mzee wa watu amenyang'anywa neno.

Cha tatu ni upatanisho wa ngeli, nao umenifunga mara nyingi. Fundi alisema: "Baiskeli ikija hapa naitazama kwanza." Halafu, baada ya maelezo marefu kuhusu gurudumu: "Unalizungusha taratibu, unaona linapochezea." Nilipokata maelezo ya katikati, ikabaki "Baiskeli ikija hapa naitazama kwanza. Unalizungusha taratibu." Linazungushwa nini? Baiskeli si *li*. Ilibidi nirudi nyuma nichukue na sentensi fupi yenye neno "gurudumu". Kila unapokata, angalia viambishi vinarejelea nini.

Ukisharidhika na maneno, weka mpito wa sauti wa fremu mbili au tatu kwenye kila mkato, kisha tandika chini yake sauti tupu ya mahali hapo. Hii ni ile sekunde 30 unayorekodi kila mtu akiwa kimya, kabla ya kufungua nyaya. Pale Temeke ilikuwa na mngurumo wa bodaboda kwa mbali na mlio wa redio ya jirani. Bila mtandiko huo, mngurumo hukatikakatika kila penye mkato.

Pima kila mkato

Sasa fungua macho, upite mkato mmoja mmoja. Yangu ilikuwa hivi: wa kwanza, sekunde ya 6, nilikotoa mwaka wa kuanza kazi alioutaja kimakosa kisha akajisahihisha. Wa pili, sekunde ya 14, mteja alikuja kuomba pampu. Wa tatu, sekunde ya 25, nilileta sentensi iliyosemwa mwishoni. Wa nne, sekunde ya 33, alinyamaza tu kidogo akitafuta neno.

Picha za kazi kwa mkato mkubwa

Mkato wa pili ulikuwa mbaya zaidi: kabla ya mteja fundi alikuwa ameegemea ukuta, baadaye akawa ameinama mbele. Hapo hakuna ujanja isipokuwa kufunika. Picha ya fundi ilikuwa tabaka la V1, nami nikaweka picha za kazi juu yake, V2: mikono ikifunga gurudumu kwenye stendi, spoki zikizunguka karibu kabisa na lenzi, uso wake akikodoa jicho kwenye ringi. Klipu tatu, kila moja sekunde mbili na zaidi kidogo.

Angalia zinapoanzia. Mkato uko sekunde ya 14, lakini picha za kufunika zinaanza sekunde ya 12 na nusu na kuisha ya 19. Ukianzisha picha mpya kwenye fremu ileile ya mkato, jicho na sikio vinapata mabadiliko kwa wakati mmoja, na mtazamaji anajua hapa pana kiraka. Ukitangulia kwa sekunde moja au zaidi, mkato wa sauti unapita chini jicho likiwa limeshazoea spoki.

Tena picha ije kwa sababu ya neno. Aliposema "unalizungusha", ndipo mikono ilipoonekana. Kama angekuwa anamtaja mjomba aliyemfundisha na mimi nikaonyesha spoki, mkato ungefichika lakini mtazamaji angejiuliza spoki zimeingiaje. Acha pia sauti ya picha hizo isikike kwa chini sana; ule mlio wa bisibisi ikigonga ringi huufanya mkono uwe mkono wa kweli.

Kurudi kwenye uso nako kuna adabu yake. Rudi mwanzoni mwa sentensi, macho yakiwa wazi. Usirudi mdomo ukiwa katikati ya neno wala jicho likiwa linapepesa. Fremu tatu mbele au nyuma hutosha kurekebisha.

Picha ya pembeni kwa mkato wa katikati

Mkato wa tatu ulihitaji sekunde tatu tu. Hapo nilitumia picha ya pembeni, yaani kitu kilichopo kwenye mahojiano yenyewe: mikono ya fundi imekumbatia spana mapajani. Nilikuwa nimeipiga baada ya mahojiano, akiwa bado amekaa palepale. Nilimwambia, "Mzee, naomba ukae hivyohivyo dakika mbili, nachukua mikono." Akacheka, "Mikono yenyewe michafu, mwanangu." Nikamwambia ndiyo ninayoitaka.

Uso wa anayeuliza maswali, akisikiliza, nao hufaa. Lakini usimwonyeshe akitikisa kichwa kukubali jambo ambalo hakuwa analisikia wakati huo. Hapo umebadili ukweli wa mazungumzo.

Kukuza picha kwa mkato mdogo

Kwa mkato wa kwanza sikufunika kitu. Nilikuwa nimerekodi kwa 4K, pikseli 3840 kwa 2160, na kazi ya mwisho ilikuwa ya 1920 kwa 1080. Maana yake picha inaweza kukuzwa hadi mara mbili bila kupoteza ukali. Kipande cha kwanza nikakiacha kilivyo, cha pili nikakikuza hadi asilimia 130, macho yakibaki kwenye kimo kilekile cha skrini. Mtazamaji anadhani ni kamera ya pili.

Ukikuza kidogo mno, asilimia 105 au 110, inaonekana kama kosa, kama mtu amegonga stendi. Iwe tofauti ya kuonekana. Na ikuze mahali ambapo wazo linabadilika au kuwa zito. Ukikuza na kurudisha kila sentensi, picha itakuwa inapumua. Mwenye kamera mbili za kweli azitenganishe kwa pembe ya nyuzi 30 au zaidi kutoka kwa anayehojiwa, la sivyo kubadili kamera nako kutaonekana mruko.

Mpito wa kuyeyusha uso: dawa ya mwisho

Mkato wa nne kichwa kilikuwa karibu palepale. Hapo ndipo mahali pa mpito unaotengeneza fremu za katikati ili uso uonekane umesogea wenyewe. Kwenye Premiere Pro unaitwa Morph Cut, kwenye DaVinci Resolve ni Smooth Cut, kwenye Final Cut Pro ni Flow. Niliweka Smooth Cut ya fremu 6, karibu robo ya sekunde kwa video ya fremu 25.

Mpito huu unataka mtu mmoja, kamera isiyotikisika, na mandhari yaliyotulia. Mkono ukipita mbele ya uso, au mtu akipita nyuma, utaona vidole vikiyeyuka na ukuta ukijikunja. Ucheze fremu moja moja. Ukiona jino la ziada au sikio lenye ukungu, punguza fremu au uondoe kabisa. Na usijaribu kuficha kwa mpito wa kawaida wa kufifisha picha moja ndani ya nyingine: uso juu ya uso huleta pua mbili.

Yanayofichua kiraka

Kabla ya kukabidhi kazi, itazame yote mara moja bila sauti. Utaona yale sikio lilikuwa linayafunika: mwanga wa asubuhi kwenye mahojiano na kivuli kirefu cha jioni kwenye picha za kazi, rangi ya uso iliyo njano hapa na bluu pale. Mimi nilikutwa na kofia. Kwenye mahojiano fundi alikuwa nayo, kwenye klipu nyingine mbili za kazi alikuwa ameivua kwa joto. Ikabidi nizitupe, nikabaki na zile tatu. Epuka pia klipu ambayo anaonekana akiongea na mtu mwingine wakati sauti yake inaeleza jambo jingine, midomo haidanganyi.

Kuna mkato ambao usiufiche hata kama una picha nzuri. Fundi alisema, "Ringi la Kichina si baya, ila spoki zake." Ukikata "ila spoki zake" na kufunika kwa spoki zinazozunguka, hakuna atakayejua, na mzee atakuwa amesema asichokisema. Nikimaliza kuhariri hurudi kwenye rekodi ghafi na kujiuliza: akikaa hapa karibu nami akaitazama, atasema "ndivyo nilivyosema"? Kama jibu si ndiyo, kilichokatwa kinarudishwa kilikotoka.

Yote haya yanategemea dakika 15 za uwanjani. Mahojiano yakiisha usifungashe. Piga mikono, piga uso ukiwa kazini, piga sehemu nzima kwa mbali, piga kile anachokitazama kutoka nyuma ya bega lake, kila picha sekunde 10 bila kutikisa kamera. Rekodi na ule ukimya wa sekunde 30. Mhariri asiyekuwa na picha hizo hana cha kufunikia, hata awe na programu gani.