Mgonjwa Akitulia Ghafla, Jibu Ni Lipi?

Wadogo zangu mnaosomea uuguzi Kitui na Wote, mnaniuliza kwa nini maswali ya hatari ya kujiua huwapiga chenga hata mkiwa mmesoma. Ni kwa sababu majibu yote manne huonekana mazuri, ilhali mtahini anataka lile la kufanya kwanza.

Tuseme mkulima wa maembe wa Makueni amelazwa kwa sonona. Wiki nzima hakusema na mtu. Leo ameoga, anatabasamu, na redio yake amempa mgonjwa wa kitanda cha pili. Ukichagua "mpongeze kwa kupata nafuu", umekosa. Utulivu wa ghafla pamoja na kugawa vitu huenda ukaonyesha kwamba ameshaamua. Tena, dawa za sonona zinapoanza kufanya kazi, nguvu zinaweza kurudi kabla huzuni haijaondoka.

Kaa naye, umuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii wazo kichwani. Akikubali, uliza kama ana mpango, kama ana njia ya kuutimiza, amekusudia kiasi gani, amewahi kujaribu, na ni nini kinachomzuia. Mwenye mpango na njia yuko katika hatari kubwa kuliko mwenye wazo tu. Huyo haachwi peke yake, hata akienda chooni. Ondoa vitu vya hatari, mjulishe daktari, na uandike maneno yake kama alivyoyasema. Jibu la "ripoti polisi" liache: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Mtego mwingine ni "mwombe aahidi kutojiua". Ahadi haimwambii la kufanya usiku akizidiwa. Mpango wa usalama wa Stanley na Brown humwambia, kwa hatua sita zinazoandikwa pamoja naye. Mkulima wetu ataandika dalili zake, kama kukosa usingizi na kuwaza madeni. Jambo la kumtuliza akiwa peke yake. Watu na mahali pa kumtoa mawazoni, kama mazoezi ya kwaya. Ndugu wa kumweleza ukweli. Kisha wataalamu, yaani kliniki ya afya ya akili na namba 1199 ya Msalaba Mwekundu. Hatua ya sita ni nyumba yenyewe: dawa ya kunyunyizia maembe itoke kwake, ikafungiwe kwa ndugu aliyekubali, kabla hajaruhusiwa kurudi.

Mpango huu hauchukui nafasi ya uangalizi wodini. Akiwa hatarini sasa hivi, hapiti hatua moja moja. Anahitaji mtu kando yake na hospitali.

Na wewe unayesoma haya kwa mtihani huku yakikugusa mwenyewe, mwambie mtu leo, au piga hiyo 1199.