Sekunde Tatu za Mwisho: Kutoa Nembo ya Programu kwenye Video ya Darasani

Muhula uliopita kundi letu la watu sita lilipewa kazi ya kurekodi somo fupi la majaribio, mmoja anafundisha na wengine tunakuwa wanafunzi. Masharti yalikuwa mawili tu: video isizidi dakika 5, na faili lisizidi MB 100. Mimi ndiye niliyepewa kuhariri, kwa sababu tu simu yangu ilikuwa na nafasi. Nikakata, nikapanga, nikapata dakika 4 na sekunde 59. Nikajipongeza, nikaituma kwenye grupu usiku, nikalala.

Asubuhi mwenzangu mmoja akaandika: "Oya, mbona yangu inasoma 5:02?" Nikafungua. Kweli. Baada ya mwalimu wetu kuwaaga wanafunzi, kioo kinakuwa cheusi na jina la CapCut linatokea katikati. Sekunde tatu ambazo hakuna aliyezirekodi, na zilitosha kututoa nje ya sharti la muda. Bahati nzuri tulikuwa na siku moja mbele. Niliyojifunza siku ile ndiyo haya, maana naona bado watu wengi wanawasilisha kazi zenye tangazo mwishoni.

Kwanza tuelewe ile nembo ni kitu gani. Ukianza kazi mpya kwenye CapCut ya simu kwa kubonyeza New project, programu inaongeza klipu yake mwishoni kabisa mwa mstari wa klipu zako. Huioni kwa sababu unapohariri unashughulika na mwanzo na katikati. Lakini ni klipu kama klipu nyingine, haijachapwa juu ya picha yako. Kwa hiyo telezesha mstari kwa kidole hadi mwisho, iguse mara moja ipate fremu nyeupe kuizunguka, kisha bonyeza Delete kwenye menyu ya chini. Imetoka. Huhitaji kulipia wala kutafuta toleo "lililovunjwa" la programu kwenye magrupu ya Telegram. Hayo matoleo usiyajaribu, hujui nani ameweka nini ndani, na humo humo kwenye simu ndimo ilimo pesa yako. Kitufe cha kufuta kimewekwa na wenyewe.

Kama hutaki kufanya hivyo kila mara, rudi ukurasa wa mwanzo wa programu, ingia kwenye mipangilio pale juu kulia, tafuta Add default ending, uizime. Itakuuliza uthibitishe, kubali. Hata hivyo kazi uliyokuwa umeshaianza kabla ya kuzima, ifungue uikague kwa macho yako mwenyewe. Na kwa kuwa programu hizi hubadilishwa kila mara, vitufe vinaweza kuhama mahali. Kutazama mwisho wa mstari ni njia inayofanya kazi popote vitufe vilipo.

Sasa hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilifuta ile klipu, nikatoa video upya, nikatazama: nembo haipo, lakini giza lipo! Sekunde tatu za kioo cheusi na muziki unaendelea. Kumbe muziki niliouweka chini ulikuwa umenyooka hadi chini ya ile klipu ya nembo. Nilipoifuta, muziki ulibaki palepale, na programu inahesabu urefu wa video kwa kufuata kitu kilichokwenda mbali zaidi, kiwe picha, maandishi au sauti. Dawa yake ni kusogeza ile nyuzi nyeupe ya wima hadi picha ya mwisho inapoishia, kugusa mstari wa sauti, kubonyeza Split, kisha kugusa kipande kilichobaki upande wa kulia na kukifuta. Fanya hivyo hivyo kwa maandishi. Utajua umemaliza pale namba ya muda chini ya picha itakapolingana na pale klipu yako ya mwisho inapokomea. Kwangu ilirudi 4:59.

Ikabaki saizi. Usibonyeze Export kwa mazoea. Pembeni yake kuna kitufe kidogo kilichoandikwa 1080P au namba nyingine. Ukikigusa unapata Resolution, Frame rate na Code rate, na chini yake makadirio ya ukubwa wa faili. Wengi huchezea Resolution peke yake, lakini kinachoamua uzito hasa ni Code rate, yaani kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde moja ya video. Hesabu yake ni ya darasa la saba: chukua Mbps, zidisha kwa sekunde, gawanya kwa 8, unapata MB. Somo letu ni kama sekunde 300. Kwa Mbps 10 inakuwa 10 × 300 ÷ 8, sawa na MB 375, haiingii. Kwa Mbps 2 inakuwa MB 75, na sauti huongeza MB chache tu juu yake. Nikachagua 720p, picha 30 kwa sekunde, na Code rate ya chini. Mtu amesimama mbele ya ubao, hakimbii wala hachezi, kwa hiyo picha haikuharibika. Nilichokagua ni maandishi ya ubaoni: nilisimamisha video pale yalipo mengi nikaona yanasomeka. Yasiposomeka, panda kidogo, usirukie 10.

Kuna hali mbili ambazo kukata mwisho hakusaidii. Ya kwanza ni ukitumia templeti, zile video zilizopangwa tayari unazotia picha zako. Huko nembo inaweza kuwekwa juu ya picha yenyewe wakati wa kuhifadhi, haingoji mwisho. Kwa kazi ya darasani anza na New project, basi. Ya pili ni ukiipandisha video TikTok halafu ukaipakua tena kutoka huko. Inarudi na nembo ya TikTok na jina la akaunti yako vikirukaruka pembeni. Tunza faili la kwanza lililotoka kwenye programu, hilo ndilo la kuwasilisha.

Na kama ulishafuta kazi yako kwenye programu, umebaki na video iliyotoka ikiwa na nembo? Usiirudishe kwenye programu ileile bila kuzima ule mpangilio, maana itakuongezea nembo ya pili baada ya ile ya kwanza. Hili limemkuta rafiki yangu, tukacheka mpaka machozi. Tumia kihariri cha galari ya simu: fungua video, bonyeza kuhariri, vuta ncha ya kulia hadi nembo ipotee, hifadhi kama nakala.

Mwisho, kabla ya kutuma, fungua faili lenyewe kwenye galari, siyo ndani ya programu ya kuhariri. Tazama sekunde kumi za mwisho ukiwa umefungua sauti, kisha angalia maelezo ya faili usome muda na MB. Yetu ilisoma 4:59 na MB 79. Nikaituma kwenye grupu tena, na yule mwenzangu akajibu kwa neno moja: "Sasa."